Jinsi ya Kuomba Nyongeza ya Mshahara wa Kuanzia kwa Barua Pepe

Watu wanaopokea barua ya ofa kwa mara ya kwanza huuliza maswali yale yale: nikiomba mshahara uongezwe, watanifutia ofa? Niandike au nipige simu? Nitaje kiasi mwenyewe au niwaachie wao? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mfano mmoja wa kubuni tangu mwanzo hadi mwisho, nao ni wa mhasibu wa Dar es Salaam aliyepewa ofa na kampuni binafsi ya usambazaji wa bidhaa. Hesabu zilizomo ni za Tanzania Bara. Msomaji aliye Kenya au Uganda ataweka makato ya kwao, lakini namna ya kuiandika barua haitabadilika.

Kabla ya yote, fahamu safari ya barua yako. Ofisa rasilimali watu unayemwandikia mara nyingi hana mamlaka ya kuongeza hata shilingi elfu hamsini. Ataichukua barua yako na kuipeleka kwa mkuu wa idara, kwa meneja wa fedha, na pengine kwa mkurugenzi, yaani kwa watu ambao baadhi yao hawakukuona kwenye usaili. Huko ndiko itakakoamuliwa, na wewe hutakuwepo kujieleza. Kwa hiyo barua nzuri ni ile inayompa ofisa huyo maneno na vielelezo anavyoweza kuvisimamia mbele ya wakubwa wake, na inayomfanya atake kufanya hivyo. Hatua zote zinazofuata zinalenga hapo.

Njia hii haifai kila mahali. Ajira za serikalini hulipwa kwa ngazi za mishahara zilizopangwa, na ofisa aliyekuandikia hawezi kuzivuka. Ndivyo ilivyo pia mahali ambapo mishahara imewekwa kwenye mkataba wa hali bora kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi. Katika mashirika yenye madaraja ya mishahara, kinachoweza kujadiliwa ni kupangwa juu zaidi ndani ya daraja lile lile, hivyo omba hilo badala ya kuomba kiasi kilicho nje ya daraja.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe na barua ya ofa iliyoandikwa. Ahadi ya simu haitoshi, kwa sababu huwezi kujadili kiasi ambacho hakijawekwa kwenye maandishi. Uwe pia na tangazo la kazi ulilojibu, maelezo ya majukumu yaliyoambatanishwa na ofa, hati yako ya mshahara ya mwezi uliopita kama una kazi, na tarehe ya mwisho ya kujibu. Tangazo husahaulika mno. Halipigwi picha wala kuhifadhiwa siku ya kuomba, kisha likiondolewa mtandaoni huna tena cha kulinganisha. Kama hukulihifadhi, tafuta aliyelihifadhi.

Hatua ya 1: Jibu siku hiyo hiyo, bila kukubali wala kukataa

Andika sentensi tatu: umeipokea ofa, umeifurahia, na utajibu kikamilifu siku fulani iliyo kabla ya tarehe yao ya mwisho. Siku mbili au tatu za kazi zinatosha.

Kosa la kawaida hapa ni furaha. Mtu anapigiwa simu, anasema "nimekubali, asanteni sana," halafu jioni anaanza kupiga hesabu. Ukishasema umekubali, ombi lako la kesho yake linaonekana kama kurudi nyuma kwenye neno lako. Sema "nashukuru, nimeipokea, ninaisoma kwa makini," na uishie hapo.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kinachofika mkononi

Mhasibu wetu amepewa ofa ya shilingi 1,400,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kazini kwake sasa anapata 1,250,000. Kwa kuangalia juu juu ameongezewa 150,000, na wengi wangesaini hapo hapo. Tuangalie makato, tukichukulia kwamba kiasi chote ni mshahara wa msingi na kwamba bado anarejesha mkopo wa elimu ya juu.

NSSF hukata asilimia 10 kwa upande wa mfanyakazi, yaani 140,000. Kodi ya mapato hukokotolewa kwenye kinachobaki, ambacho ni 1,260,000. Kwa jedwali lililoanza kutumika Julai 2021, mwenye kipato cha mwezi kinachozidi milioni moja hutozwa 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kile kilichozidi, hivyo kodi yake ni 128,000 na 78,000, jumla 206,000. Bodi ya Mikopo huchukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 210,000. Kinachomfikia ni 844,000. Hakikisha jedwali linalotumika mwaka wako kwenye tovuti ya TRA kabla ya kuliamini.

Ukirudia hesabu hiyo kwa mshahara wake wa sasa, utapata 772,000. Nyongeza halisi basi ni 72,000 kwa mwezi. Kazini kwake sasa mwenzi wake na watoto wawili wamo kwenye bima ya afya ya mwajiri. Ofa mpya inamkatia bima yeye peke yake. Itabidi ainunue bima ya familia mwenyewe, na bei yake inaweza kuimeza nyongeza yote. Huu si uchoyo wala tamaa. Ni jambo la kweli ambalo mwajiri mpya hana namna ya kulijua asipoambiwa.

Hesabu hiyo inaonyesha jambo lingine litakalokusaidia kupanga ombi. Kwa mtu wa kiwango hiki cha mshahara, kila laki moja inayoongezwa hukatwa 10,000 ya NSSF, 27,000 ya kodi na 15,000 ya mkopo, na inayomfikia ni 48,000 tu. Asiye na mkopo hupata 63,000. Mwenye mkopo anayeomba nyongeza ya laki moja akidhani atapata laki moja ameomba chini ya nusu ya anachokihitaji.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi unaoweza kuhakikishwa

Kodi ya nyumba, ada ya watoto na gharama za maisha si ushahidi katika barua hii. Ni mzigo wa kweli, lakini meneja wa fedha hawezi kuuweka kwenye bajeti kama sababu, kwa kuwa kila mfanyakazi wake anao. Ushahidi unaofanya kazi ni wa aina tatu, na ninauweka kwa mpangilio wa nguvu zake.

Wa kwanza ni tofauti kati ya tangazo na majukumu uliyopewa. Tangazo la mhasibu wetu lilitaja hesabu za ofisi ya Dar es Salaam. Maelezo ya majukumu yaliyokuja na ofa yameongeza hesabu za matawi ya Mwanza na Dodoma, na kuwasimamia makarani wawili. Huu ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote kwa sababu umetoka mikononi mwa mwajiri mwenyewe. Hakuna anayeweza kuupinga bila kuipinga karatasi yake. Soma nyaraka hizo mbili kwa kuziweka sambamba, mstari kwa mstari. Mara nyingi kitu kimeongezeka.

Wa pili ni kile ulichonacho zaidi ya walichokiomba, pamoja na matokeo ya kazi yako. Tangazo lilitaka shahada na uzoefu wa miaka miwili. Yeye ana CPA(T), cheti cha taaluma kinachotolewa na bodi ya wahasibu ya NBAA, na uzoefu wa miaka minne. Kuhusu matokeo, usiandike "mimi ni mchapakazi." Andika jambo ambalo mtu anaweza kumpigia simu mdhamini wako na kuliuliza: kwamba hesabu za kufunga mwezi zilikuwa zikichukua siku 15 na sasa zinachukua siku 7, au kwamba ritani za Kodi ya Ongezeko la Thamani za miaka miwili mfululizo zilipelekwa TRA kabla ya tarehe 20 na kampuni haikutozwa adhabu hata mara moja.

Wa tatu ni bei ya soko. Huku kwetu matangazo mengi hayataji mshahara, hivyo itakubidi uwaulize watu. Usimwulize mtu "wewe unalipwa kiasi gani?" kwa kuwa atanuna au atakudanganya. Uliza hivi: "Ukisikia mhasibu mwenye CPA, wa kampuni ya usambazaji yenye matawi matatu, ungetegemea alipwe kati ya ngapi na ngapi?" Waulize watu watatu au wanne walio kwenye kazi hiyo hiyo, na uwaulize pia kama wanazungumzia kabla au baada ya makato, maana hapo ndipo takwimu nyingi huharibika. Mhasibu wetu ameambiwa kati ya 1,600,000 na 1,900,000 kabla ya makato. Kwenye barua usitaje majina yao wala kampuni zao.

Hatua ya 4: Amua viwango vitatu, na uandike kimoja

Andika kwenye daftari lako kiasi utakachoomba, kiasi utakachofurahia, na kiasi ambacho chini yake utabaki ulipo. Mhasibu wetu ameweka 1,750,000, 1,600,000 na 1,500,000. Cha kwanza kingemfikishia 1,012,000 mkononi, na cha pili 940,000. Ombi lake limo ndani ya bei ya soko aliyoambiwa, hivyo anaweza kulitetea akiulizwa limetoka wapi.

Kwenye barua kitaje cha kwanza peke yake. Ukiandika "kati ya 1,500,000 na 1,750,000," msomaji ataiona 1,500,000 na hataona zaidi. Usiandike pia "kiasi chochote mtakachoona kinafaa," kwa sababu walichokiona kinafaa tayari wamekuandikia.

Hatua ya 5: Andika barua

Tumia lugha ile iliyotumika kwenye barua ya ofa. Weka kichwa kinachotambulika, na ujibu kwenye mfululizo ule ule wa barua pepe ili anayeipokea aione ofa chini yake. Wengi huanza na "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu," kisha aya nzima ya kusalimia. Adabu ni muhimu, lakini salamu moja na shukrani moja zinatosha. Nafasi iliyobaki ni ya hoja. Barua isizidi kile kinachoonekana kwenye skrini moja ya kompyuta.

> Yah: Ofa ya ajira, nafasi ya Mhasibu
>
> Ndugu Ofisa Rasilimali Watu,
>
> Habari za asubuhi. Nashukuru kwa ofa mliyonitumia Jumatatu. Baada ya mazungumzo yetu ya usaili ningependa kufanya kazi hii, na ninaandika ili tukubaliane kuhusu mshahara wa kuanzia.
>
> Nimelinganisha tangazo la kazi na maelezo ya majukumu yaliyoambatanishwa. Tangazo lilihusu hesabu za ofisi ya Dar es Salaam, na majukumu yamejumuisha pia matawi ya Mwanza na Dodoma pamoja na usimamizi wa makarani wawili. Niko tayari kuyabeba majukumu hayo. Kwa sasa ninasimamia hesabu za matawi matatu, ambako muda wa kufunga mwezi umepungua kutoka siku 15 hadi 7, na ritani za Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa miaka miwili zimewasilishwa kwa wakati bila adhabu. Mdhamini wangu wa kwanza anaweza kuyathibitisha haya. Nina pia CPA(T), ambayo haikuwa sharti la tangazo.
>
> Kwa nafasi yenye majukumu kama haya, viwango nilivyoelezwa na watu wa taaluma yetu ni kati ya shilingi 1,600,000 na 1,900,000 kabla ya makato. Kwa kuzingatia hayo, naomba mshahara wa kuanzia uwe shilingi 1,750,000 kwa mwezi kabla ya makato.
>
> Natambua kwamba mna bajeti na viwango vya ndani. Iwapo kiasi hicho ni kigumu kwa sasa, niko tayari kujadili namna nyingine, ikiwemo bima ya afya kwa wategemezi wangu watatu, ambayo ninayo kazini kwangu sasa. Kama kuna kielelezo chochote kitakachokusaidia kuliwasilisha ombi hili, nitakutumia siku hiyo hiyo.
>
> Wako,
> [Jina na namba ya simu]

Tazama aya ya nne. Imemfungulia ofisa mlango wa pili bila kupunguza kiasi kilichotajwa, na sentensi yake ya mwisho inamweka yeye na wewe upande mmoja wa meza. Neno "niko tayari kuyabeba majukumu hayo" nalo lina kazi yake: bila hilo, aya ya majukumu ingesomeka kama malalamiko kwamba umedanganywa.

Viondoe kabla ya kutuma: vitisho vya aina ya "la sivyo sitaweza kuendelea," ofa nyingine isiyokuwepo, na maneno ya kujishusha kama "samahani sana kwa usumbufu huu." Ofa ya uongo ni hatari kuliko yote, kwa sababu jibu jepesi kwake ni "basi tunakutakia kila la heri huko." Ukiwa na ofa ya kweli, itaje kwa sentensi moja, useme bado unaipendelea nafasi hii, na uwe tayari kuionyesha.

Hatua ya 6: Tuma na usubiri

Tuma asubuhi ya siku ya kazi, kwa aliyekutumia ofa, bila kumnakili mkurugenzi wala mkuu wa idara aliyekusaili. Kumnakili mkubwa wake ni kumruka, na ni yeye unayemtegemea akutetee. Siku tatu za kazi zikipita kimya, andika mistari miwili ya kuulizia, bila kurudia hoja na bila kupunguza kiasi. Wapo wanaoogopa kimya na kuandika "basi hata 1,400,000 ni sawa," wakati ombi lao liko mezani kwa meneja wa fedha likisubiri saini.

Elewa kwa nini wanachelewa. Mwajiri hatazami laki tatu na nusu peke yake. Juu yake kuna mchango wake wa NSSF wa asilimia 10, tozo ya kuendeleza ufundi stadi kwa mwajiri anayehusika nayo, na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kila mwezi.

Hatua ya 7: Funga makubaliano kwa maandishi

Wakisema 1,600,000 na bima ya familia, shukuru, kubali, na uombe barua ya ofa iliyorekebishwa. Usiiandikie kazi ya sasa barua ya kuacha kazi kabla barua hiyo haijafika ikiwa na saini. Hakikisha kiasi kimeandikwa "kabla ya makato," na uone ni kiasi gani kimeitwa mshahara wa msingi na kiasi gani posho, kwa sababu malipo ya baadaye yanayokokotolewa kwa mshahara wa msingi yatategemea mgawanyo huo.

Mambo yakienda tofauti

*Wamepiga simu badala ya kuandika.* Wasikilize, andika wanachosema, na usijibu kiasi papo hapo. Sema utawathibitishia kwa barua pepe leo, kisha andika: "Kama tulivyozungumza, mmependekeza shilingi fulani," ili kiwepo cha kurejelea.

*Wameomba hati yako ya mshahara.* Usiongeze tarakimu, maana inaweza kuhakikishwa na uongo huo ukakufuata hadi kazini. Kama uliipata kazi ile ukiwa mpya, eleza kwamba mshahara wa sasa uliwekwa kabla hujapata CPA na kabla ya kukabidhiwa matawi matatu, na uombe nafasi hii ipimwe kwa majukumu yake.

*Wamesema bajeti imefungwa.* Uliza swali moja tu: imefungwa kwa mshahara pekee, au pia kwa bima, posho ya usafiri na tarehe ya kuanza? Mara nyingi mshahara na bima hutoka kwenye mafungu tofauti, na fungu moja likikauka jingine lina kitu.

*Wameahidi kuongeza baada ya kipindi cha majaribio.* Pokea, lakini omba iandikwe kwenye barua ya ofa ikiwa na tarehe na kiasi, au angalau tarehe na vigezo vitakavyotumika. Maneno "utaangaliwa" hayamfungi yeyote, hasa ofisa aliyeyatamka akihamia kampuni nyingine.

*Wamesema ni hicho au uache.* Rudi kwenye kiwango chako cha tatu. Kwa mhasibu wetu, 1,400,000 bila bima ya familia iko chini ya 1,500,000 aliyojiwekea, kwa hiyo anashukuru, anakataa kwa heshima, na anabaki alipo. Kama yeye angekuwa hana kazi, kiwango hicho cha tatu kingekuwa kingine tangu mwanzo, na angeweza kuikubali ofa ile ile siku hiyo hiyo bila kinyongo, kwa kuandika: "Nashukuru kwa kulifikiria ombi langu. Ninaikubali ofa ya tarehe ile kama ilivyo."